Halali, kibla, pombe na mavazi: namna tatu za kujibu ujumbe wa mgeni wa hoteli zikilinganishwa

Mgeni anapoiandikia hoteli ya Unguja kabla hajalipa, akauliza kama chakula chake ni halali, mhudumu wa kuhifadhi nafasi za vyumba aliyezaliwa Zanzibar huona kwamba swali halina uzito. Nyama ya mjini huchinjwa na Waislamu, yeye mwenyewe anaila kila siku, kwa hiyo hujibu "Ndiyo, ondoa shaka" na kuupokea ujumbe unaofuata. Nimekaa mapokezi kwa miaka mingi na kwa muda mrefu nilijibu hivyo hivyo. Jibu hilo ni kweli kwa soko la Darajani, ila huenda lisiwe kweli kwa jiko la hoteli ambamo bekoni hukaangwa kila asubuhi kwa ajili ya wageni wengine, na mgeni aliuliza kuhusu jiko hilo, hakuuliza kuhusu Darajani.

Ninalinganisha hapa namna tatu za kujibu ujumbe kama huo. Ya kwanza ni jibu fupi, yaani ndiyo au hapana na neno moja la kumtuliza mgeni. Ya pili ni jibu lililotungwa mapema, aya moja ya heshima ambayo kila mgeni hutumiwa ile ile. Ya tatu nitaiita jibu la hali halisi: mhudumu anaeleza kilichopo hotelini bila kukipamba, kisha, ikiwa lazima, anauliza swali moja. Wakubwa wengi wa hoteli hudhani kwamba lazima wachague mojawapo na kuifanya kanuni kwa maswali yote. Mimi naona kwamba kila jambo kati ya haya manne linataka namna yake, na kwamba jibu lililotungwa mapema, ambalo ndilo linalotumika zaidi, ndilo linaloharibu zaidi.

Nitautumia ujumbe mmoja, wa aina tunayoipata sana kutoka Omani, ambako Kiswahili cha Unguja bado kinazungumzwa katika nyumba nyingi:

"Asalaam alaykum. Sisi ni watu watano kutoka Maskati, tutafika wiki ya pili ya Ramadhani kwa siku nne. Tungependa kujua kama chakula ni halali na kama kuna pombe. Chumba kielekee kibla tafadhali. Mama yetu ni mtu mzima, na dada zangu wangependa kuogelea."

Salamu kwanza. Aliyeanza na salamu ya Kiislamu ajibiwe "Waalaykumu salaam", hata kama anayeandika upande wa hoteli ni Mkristo kutoka Bara, kwa sababu kujibu salamu ni adabu ya pwani yote. Lakini mgeni ambaye hakuanza nayo asianziwe kwa sababu tu jina lake linaonekana la Kiislamu. Jina halisemi mtu anakula nini wala anakunywa nini, na mhudumu aliyeanza kukisia kwa jina ataendelea kukisia katika kila kifungu cha ujumbe.

Chakula ndicho kinachotaka maneno mengi, kwa sababu neno "halali" katika ujumbe hubeba maswali manne au matano kwa pamoja. Mmoja anauliza nani kachinja. Mwingine ameshasikia kwamba Zanzibar nyama ni salama, na anachotaka kujua ni kama nguruwe anapikwa kwenye kikaango kitakachokaanga yai lake. Wa tatu anafikiria mvinyo unaotiwa kwenye mchuzi wa samaki, au jeletini iliyomo katika kitindamlo. Wa nne ana mashaka na soseji, ambazo huenda zikawa za nyama ya ng'ombe lakini ngozi yake ya nje ikawa ya mnyama mwingine. Jibu fupi la "ndiyo" linawajibu wote wanne kwa neno moja, na angalau mmoja wao linamdanganya. Jibu lililotungwa mapema husema "hoteli yetu inazingatia mahitaji ya wageni wa dini zote", na kwa kweli halimjibu hata mmoja. Dalili yake ni rahisi kuiona katika mazungumzo yenyewe: mgeni anauliza tena jambo lile lile kwa maneno mengine, "Una uhakika?", au "Nani huchinja?" Mgeni anayerudia swali hawi msumbufu, hajajibiwa.

Jibu la hali halisi huandikwa hivi, baada ya mhudumu kwenda jikoni na kumuuliza mpishi, si kwa kukumbuka:

"Nyama ya ng'ombe na mbuzi tunainunua ikiwa imechinjwa hapa Unguja na Waislamu. Kuku ni wa kuagizwa, na boksi lake lina alama ya halali. Tunaweza kukutumia picha. Nguruwe hupikwa kwa kifungua kinywa kwa kikaango chake na koleo lake, lakini jiko ni moja. Michuzi miwili katika orodha yetu ina mvinyo, na mpishi anaweza kuipika bila mvinyo akiambiwa siku moja kabla. Je, kuna chochote, cha baharini au cha nchi kavu, ambacho familia yenu haili?"

Maneno "lakini jiko ni moja" ndiyo ambayo kila mkubwa wa mauzo hutaka yafutwe. Nasisitiza yabaki. Yupo mgeni atakayeyasoma na kwenda hoteli nyingine, na ni haki yake. Yupo mwingine, na kwangu hao ndio wengi, ambaye atayasoma na kuamua kula samaki na mboga kwetu na nyama katika mkahawa wa mjini. Kama yangefutwa, wote wawili wangeyagundua wenyewe saa moja asubuhi mbele ya meza ya kifungua kinywa, wakati fedha zimeshalipwa na watoto wana njaa.

Swali la mwisho juu ya vya baharini huwashangaza wahudumu wetu, kwa kuwa pwani hii wengi ni wa madhehebu ya Shafi na kwao kila kinachoishi baharini huliwa. Si Waislamu wote walio hivyo. Katika madhehebu ya Hanafi, yanayofuatwa na wengi wa Pakistani, India na Uturuki, kiliwacho ni samaki, na kaa, ngisi na pweza haviliwi, huku wanazuoni wao wakihitilafiana juu ya kamba. Mashia Ithnaashari hula samaki mwenye magamba pamoja na kamba, lakini hawali papa, pweza wala kaa. Kwa hiyo sahani ya vyakula vya baharini mchanganyiko, ambayo mpishi anaiona kuwa ndiyo halali kuliko zote kwa sababu haina nyama, inaweza kuwa ndiyo ambayo mgeni hawezi kuigusa. Mhudumu asimuulize mgeni madhehebu yake. Hilo si lake, na jibu lake halitamsaidia mpishi, kwa kuwa ndani ya madhehebu moja watu hutofautiana. Aulize kisicholiwa, na jibu litakuja kwa majina ya vitu ambavyo jikoni vinajulikana.

Kuhusu vyeti nitasema kwa ufupi. Tanzania Bara vyeti vya halali hutolewa na BAKWATA, na Kenya ipo taasisi iitwayo Kenya Bureau of Halal Certification. Cheti hutaja kilichokaguliwa, na kina mwisho wa muda wake. Hoteli inayonunua kuku mwenye cheti haijawa na cheti yenyewe, na kuandika "tumethibitishwa" kwa sababu ya boksi la kuku ni uongo hata kama mwandishi hakukusudia.

Kibla ni kinyume kabisa cha chakula. Hapa jibu fupi ndilo bora, kwa sababu ukweli ni mmoja kwa kila mgeni na hauhitaji kuulizana. Makka iko karibu moja kwa moja kaskazini mwa Zanzibar, na kibla cha Unguja kinapita kaskazini kwa digrii 1 tu hivi kuelekea mashariki. Mombasa na Dar es Salaam hali ni karibu hiyo hiyo. Anayehamia kufanya kazi Nairobi au Arusha atakuta kibla kimesogea digrii 7 hivi mashariki ya kaskazini, na Kigali au Bujumbura kama digrii 22, kwa hiyo mazoea ya pwani asiende nayo kule. Kwa mgeni wetu inatosha kuandika: "Kibla katika chumba chenu ni upande wa ukuta wenye dirisha, mshale umebandikwa ndani ya droo ya meza, na miswala miwili iko kabatini." Yule anayejibu kwa aya ndefu ya "tunaheshimu ibada zote" amemnyima mgeni neno moja alilolitaka, yaani dirisha.

Hata hivyo jibu fupi lina sharti lake: mshale uwe sahihi. Katika hoteli moja niliyofanya kazi, mishale yote ilibandikwa siku moja na fundi aliyeambiwa aiweke "kushoto kwa kitanda, ikielekea mlangoni". Vyumba vya jengo la pili vilikuwa vimejengwa kwa kugeuzwa, kitanda upande huu badala ya ule, na kwa miezi mingi wageni wa jengo hilo walielekezwa kusini. Aliyetugundulia ni mgeni mwenye dira ya simu. Dira ya simu nayo hupotoka ikiwekwa karibu na kitanda cha chuma au jokofu, kwa hiyo usikague ukiwa ndani ya chumba.

Njia ya kukagua isiyohitaji chombo chochote ni jua. Mara mbili kwa mwaka, tarehe 28 Mei saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 16 Julai saa 6 na dakika 27 mchana, jua huwa juu ya Kaaba kabisa, na saa za Makka ndizo saa zetu. Simamisha kijiti wima uwanjani wakati huo; kwetu kivuli cha kijiti cha mita 1 huwa kama nusu mita, na mstari unaotoka ncha ya kivuli kurudi kwenye kijiti ndio kibla. Siku moja mbele au nyuma haiharibu kitu. Chora mstari huo sakafuni kwenye baraza, kisha upime kila jengo kwa kuulinganisha nao.

Katika ujumbe wa Maskati kuna maneno "chumba kielekee kibla", na hapa ndipo kusoma kunapohitaji uangalifu. Zamani nikisoma maneno hayo nilikuwa natafuta chumba chenye mlango wa kaskazini, na mara moja niliihamisha familia kutoka chumba kikubwa kwenda kidogo kwa sababu hiyo. Walichotaka ni kujua upande, na kupata nafasi safi ya sakafu ya kutandika miswala. Chumba chochote kina upande wa kaskazini. Si kila chumba kina nafasi ya watu watatu kusujudu kati ya kitanda na kabati. Na "mama yetu ni mtu mzima" si habari ya kupita. Mtu mzima huenda akasali akiwa ameketi, akahitaji kiti kisicho na magurudumu na kisichozama, na chumba cha chini ili asipande ngazi mara nyingi kwa siku. Hili linastahili swali.

Pombe ndilo jambo ambalo swali la mgeni linaweza kuwa na maana mbili zinazopingana kabisa. "Kuna pombe?" inaweza kuandikwa na mtu anayetarajia kunywa bia jioni na ambaye amesikia kwamba Zanzibar ni ya Waislamu, na maneno hayo hayo yakaandikwa na baba asiyetaka watoto wake wakae karibu na baa. Jibu fupi, "Ndiyo, ipo!" pamoja na alama ya mshangao, linamfurahisha wa kwanza na kumfukuza wa pili. Mhudumu akibadilisha na kuandika "Hapana, hatuna" kwa kuwa ameona jina la Kiislamu, amesema uongo ambao mgeni ataushuhudia jioni ya kwanza. Watu wengi hudhani hapa lazima umuulize mgeni anataka nini. Mimi sioni hivyo, kwa kuwa swali "Je, unakunywa?" ni zito kwa yeyote, na kwa Mwislamu anayekunywa ni zito maradufu. Eleza pombe ilipo, na umwachie uamuzi:

"Pombe huuzwa katika baa iliyo kando ya bwawa kuanzia saa kumi jioni, na katika mkahawa wa juu. Mkahawa wa bustanini haiuzwi. Jokofu dogo la chumbani huwa na bia na mvinyo. Tunaweza kuliacha kama lilivyo, kuviondoa, au kuliacha tupu, upendavyo."

Jibu hilo hilo linamfaa mgeni wa Maskati na mgeni wa Milano, na hakuna aliyelazimika kujieleza. Kwa mgeni anayekuja Ramadhani na anayetaka kunywa, ongeza sentensi moja: ndani ya hoteli huduma huendelea kama hoteli ilivyopanga, lakini mjini mikahawa mingi hufungwa mchana, na kula, kunywa hata maji, au kuvuta sigara barabarani mchana ni kuwavunjia heshima waliofunga. Sentensi hiyo asitumiwe mgeni wa Maskati. Nimeona hoteli ikimtumia Mwislamu aliyefunga maelezo ya Ramadhani ni nini, kwa sababu tu aya ilikuwa imetungwa tayari.

Mavazi yanafanana na pombe kwa kuwa swali huja kutoka pande mbili, lakini hapa jibu lililotungwa mapema linaumiza zaidi. Aya yetu ya kawaida, "Tafadhali vaa mavazi ya heshima", imekusudiwa mgeni anayetoka ufukweni Nungwi na kuingia Mji Mkongwe na vazi la kuogelea. Hata kwake haisemi kitu, maana "heshima" haina urefu. Mwambie afunike mabega na magoti akiwa mjini na vijijini, na kwamba mapokezi kuna kanga za kuazima. Ikitumwa kwa mwanamke avaaye buibui, aya hiyo hiyo inasomeka kama karipio. Ikiwa hoteli itabaki na jibu moja tu lililotungwa mapema, basi lisiwe hili.

"Dada zangu wangependa kuogelea" ni swali la mavazi ingawa neno mavazi halimo. Mhudumu anayejibu "Karibuni sana, bwawa liko wazi hadi saa moja usiku" amesikia swali la saa. Dada hawa wanauliza kama watakubaliwa kuingia na vazi linalofunika mwili mzima, na zaidi ya hapo wanauliza nani atawaona. Jibu la hali halisi ni hili: vazi linalofunika mwili mzima linakubaliwa likiwa la kitambaa cha kuogelea, bwawa linaonekana kutoka roshani za ghorofa ya kwanza, mlinzi wa bwawa ni mwanamume, asubuhi kati ya saa kumi na mbili na saa mbili huwa hakuna watu wengi, lakini hatuwezi kulifunga kwa wengine. Kama hoteli inaweza kulifunga kwa saa moja, iseme, na ikisema itimize. Ahadi ya faragha iliyovunjwa na mtu mmoja aliyetokea roshani ni mbaya kuliko kutoahidi, kwa sababu dada atakuwa ameshavua shungi kwa kuamini neno lako.

Jambo moja linafuata baada ya kujibu, nalo ni kile kinachoandikwa katika faili la mgeni. Nimekuta mafaili yenye maneno "Mwislamu mkali" au "familia ya dini sana". Maneno hayo hayamwambii mhudumu wa vyumba afanye nini, na siku mgeni akiyaona kwenye skrini ya mapokezi hakuna radhi itakayotosha. Andika kitendo, usiandike mtu.

Familia ya Maskati ilipojibiwa kwa namna hizi, kibla kwa ufupi na mengine kwa hali halisi, pamoja na maswali mawili tu, la chakula na la kiti cha mama, na pendekezo kwamba kifungua kinywa walicholipia kigeuzwe kuwa daku chumbani, jibu lao lilikuja jioni ile ile: papa na pweza hawali, daku iletwe saa kumi usiku, kiti kinahitajika, na bwawa wataliangalia wenyewe wakifika. Faili lao lilisomeka hivi: "Chumba cha chini, meza isogezwe ukutani, miswala mitatu, kiti kimoja cha mbao. Jokofu: maji na maziwa tu. Jikoni: hakuna papa, hakuna pweza, hakuna mvinyo kwenye mchuzi, kikaango kipya cha mayai. Daku saa 10 usiku, mhudumu wa kike, agonge na kungoja mlangoni."